Nilihifadhi Miiba Tu

Mimi nina hasira za karibu, na sijawahi kuificha tabia hiyo. Mama yangu mzazi alikuwa akisema nikitaka kugombana sihitaji sababu, nahitaji mtu tu. Basi nilipoolewa nikampata mtu, mama mkwe, na sababu akaniletea mwenyewe kwenye simu, moja moja, kwa miaka tisa.

Ninafanya kazi kwenye duka la dawa. Kazi yangu ni kupokea cheti cha daktari dirishani, kukisoma, kuhesabu vidonge kwenye sinia dogo la plastiki, kuvitia kwenye vibahasha na kuandika juu yake: kimoja mara tatu, viwili usiku, baada ya kula. Watu husema mwandiko wa madaktari hausomeki. Mimi nausoma. Hata wenzangu wakikwama huniletea, nami nakitupia jicho kile cheti na kusema hii ni dawa ya kikohozi, hii ya tumbo, na hapa daktari alikuwa ana njaa. Nalisema hili ili mjue kwamba sikuwa mtu wa kushindwa na maandishi.

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani. Ameshona miaka arobaini, na kwa cherehani hiyo amemsomesha mume wangu mpaka chuo. Anaishi mji mwingine, safari ya nusu siku. Kwa hiyo mazungumzo yetu yalikuwa ya ujumbe wa simu, na ujumbe wake ulikuwa na umbo moja tu. Ulianza na sifa, ukamalizia na kidole machoni. Vyote ndani ya sentensi moja, hata nukta hakukupa ya kuvutia pumzi.

Nilipopata kazi aliandika: "Hongera sana mkwe wangu kwa kazi nzuri, sasa mwanangu itabidi ajifunze kupika." Nilipojifungua kifungua mimba wangu nikamtumia picha, naye akajibu: "Mtoto mzuri, amenona, mnyonyeshaji ni wewe, pua tu ndiyo ya kwenu." Nikaenda kwenye kioo nikaitazama pua yangu. Ni pua ya kawaida.

Nilimpelekea mume wangu simu. Yeye akasoma mpaka katikati, akatabasamu, akanirudishia.

"Si amekusifu?"

"Soma mpaka mwisho."

"Mke wangu, mama ndivyo alivyo. Chukua zuri, baya liache lipite."

Huyo ndiye mume wangu. Ana moyo mwepesi, anasoma barua ya mama yake kama mtu anayekula embe, nyama kwake, kokwa kwa atakayelikanyaga. Mimi kwa upande wangu nilikuwa nikianzia pale alipoishia yeye. Sifa niliziruka. Niliziona ni sukari ya kumezea shubiri, na mtu wa dawa kama mimi hadanganywi na sukari. Kwa hiyo katika nyumba yetu ujumbe wa mama ulisomwa wote, ila hakuna aliyeusoma wote.

Kazini tuna keshia, mwanamke mcheshi, mdomo wake hauna kifuniko. Asubuhi kabla wateja hawajajaa alikuwa akiniuliza, "Leo mkwe katuma?" Nami naisoma kwa sauti ya puani, nikivuta maneno, naye anacheka mpaka anashika droo. Ndiye aliyenishauri nizihifadhi.

"Ziandike mahali, na tarehe zake," aliniambia. "Siku akija kusema wewe ndiye mbaya, utamfungulia faili."

Nikafungua ukurasa kwenye simu nikauita Miiba. Kila ujumbe ulipoingia, nilinakili nusu ya pili, nikaweka tarehe. Nusu ya kwanza sikuinakili. Ya nini? Simu ya zamani ilipokufa, ujumbe wote ukaenda nayo, lakini Miiba nilikuwa nimeihamishia kwenye simu mpya, haikupotea hata mmoja. Nilijisifu kwa hilo.

Sasa kuna jambo ambalo nikilitazama leo naona aibu. Kama miaka mitatu iliyopita, miiba ya mama ilibadilika. Zamani ilinichoma mimi: mapishi yangu, pua yangu, nilivyochelewa kumpa mjukuu wa pili. Halafu pole pole ikaniacha mimi ikahamia kwenye vitu. Alikuja kutusalimia wiki moja, akarudi kwake, akaandika kwamba kwetu mtu hana pa kupita bila kujigonga kwenye meza. Mara ngazi zetu zimejengwa na mtu anayewachukia wazee. Mara taa zetu ni za kaburini, tunabana umeme. Mtu mwenye akili zilizotulia angejiuliza kwa nini fundi aliyekuwa akipiga utosini sasa anapiga kuta. Mimi nilimwambia keshia, "Amemaliza mwili wangu, sasa ameanza fanicha."

Kisha ikaja ile ya picha. Tulipiga picha ya familia, sisi wanne, tukaikuza, tukaitia fremu, mume wangu akampelekea mama kwa mkono. Kifungua mimba amekaa katikati, mbele yangu, kitinda mimba amesimama pembeni kabisa kushoto, ameshika mkono wa baba yake. Baada ya siku mbili mama akaandika. Katika Miiba imebaki hivi: "lakini mtoto wa pili mmemtupa wapi?"

Hapo nilipandwa na hasira. Yule mtoto wa pili nilimpata kwa shida, miezi mitatu kitandani, na mama alilijua hilo. Nikaona ananiambia nampenda mmoja namtupa mwingine. Mume wangu akasema labda ni utani. Nikamwambia utani una mwisho.

Ule wa mwisho ulikuja mchana, foleni ipo dirishani. Nakumbuka nilikuwa na sinia la vidonge mkononi. Nilisoma ile nusu ya pili tu, kwa mazoea, kama mtu anayejua njia: "lakini watu wa dawa huwauliza hali wageni, nyumbani kwao hawaulizi." Damu ikanipanda kichwani. Nilimpigia simu kila Jumapili! Nilimuuliza, "Mama hujambo?" Akasema hajambo. Alitaka nimuulize mara ngapi? Nikaweka sinia chini, nikamwacha mteja amesimama, nikaandika:

"Mama, kama huna neno zuri linaloweza kusimama peke yake, bora usiandike. Nimechoka."

Nikatuma. Keshia alisoma juu ya bega langu akasema, "Ehe! Leo umemaliza." Na mimi nilijiona nimemaliza.

Jibu lilikuja kesho yake. "Sawa mwanangu. Nimekuelewa."

Jioni nilimwonyesha mume wangu. Akasoma yote, safari hii mpaka mwisho. Akaniuliza, "Umemjibu mama hivyo?" Nikasema ndiyo. Akaenda kuwafunga watoto viatu vya kwenda kwa jirani, na viatu vyenyewe walikuwa wameshavivaa.

Kuanzia siku hiyo mama mkwe alikuwa asali. Nikituma picha, "Picha nzuri." Nikimwambia mtoto amefaulu, "Vizuri sana." Nikimuuliza hali, "Njema." Hakuna kidole wala mwiba. Miezi minane mizima ukurasa wa Miiba haukuongezeka hata mstari, na keshia akawa ananung'unika kwamba nimemharibia asubuhi zake. Mimi nilitembea kifua mbele. Nilimwambia kila mke niliyemjua, mkwe ni kumwekea mpaka tu, akijua mpaka wako anakaa. Wengine waliniomba maneno niliyotumia ili nao wakayatume.

Mwezi wa tisa tangu ujumbe ule, alikuja kutusalimia. Mume wangu alimpokea kituoni, wakaingia nyumbani saa kumi jioni, jua bado lipo. Niliona amekonda kidogo, ila amevaa gauni alilolishona mwenyewe, mshono umenyooka kama mstari wa rula. Aliniamkia kabla sijamwamkia, akacheka, akaniambia nyumba inapendeza. Nikasubiri. Hakuongeza kitu.

Nikamwekea chai. Niliiweka upande wake wa kushoto, juu ya kimeza. Tukaendelea kuongea. Baada ya muda akaniambia, kwa upole kabisa, "Chai ikiwa tayari utaniletea, mwanangu, usijisumbue kwa haraka."

Nikamtazama. Kikombe kilikuwa kinafuka moshi sentimita chache kutoka kiwiko chake.

"Mama, chai hiyo hapo."

"Ipo wapi?"

"Hapo. Kushoto."

Hakugeuza macho tu kama mtu. Aligeuza kichwa chote, pole pole, kama anayetafuta sauti, mpaka uso wake ukakielekea kikombe. "Aa," akasema, "ipo. Chai nzuri hii, ina rangi." Akanyoosha mkono, vidole vikagusa meza, vikatambaa, vikakikuta. Wakati huohuo kitinda mimba wangu alipita upande ule akamgusa bega, na mama akashtuka chai ikamwagika.

Mimi nimesimama na thermosi mkononi. Mimi si daktari, lakini nimeuza matone ya macho miaka tisa. Nimewaona wale wanaokuja dirishani na kugeuza kichwa chote ili wakuone. Ngazi, taa, meza, mtoto aliyetupwa pembeni kushoto. Vyote vilikuja kwa pamoja, na nikajua nimevisoma vyote, na nimevichekea.

Kesho yake asubuhi nilikuwa naye hospitali, kitengo cha macho. Alikataa njia nzima. Akasema macho yake mazima, jana tu ametunga uzi kwenye sindano bila miwani. Na ni kweli, alitunga, nilimwona kwa macho yangu. Hilo ndilo lililomdanganya kila mtu, yeye wa kwanza. Cha mbele yake kabisa alikiona vizuri kuliko mimi.

Walimkalisha kwenye mashine. Unaweka kidevu kwenye kikalio, unafunikwa jicho moja, unatazama nukta katikati, na kila ukiona kitaa kinamulika pembeni unabonyeza kitufe. Mimi niliachwa nje ya pazia. Nilisikia kitufe. Jicho la kulia kilibonyezwa kwa nadra, tik, kimya, tik, kimya kirefu. La kushoto nilikaa nikasubiri nikadhani mashine haijawashwa. Halafu nikamsikia mpimaji akisema kwa upole, "Tumemaliza, mama."

Daktari alikuwa binti mdogo, sauti ya chini. Akatuonyesha karatasi mbili zenye duara. Palipo peusi haoni, alisema. Moja ilikuwa nyeusi karibu yote. Nyingine ilibaki na tundu jeupe katikati.

"Hii ni presha ya macho," alisema. "Haiumi. Inaanza kula pembeni, inakuja katikati, na mwenyewe hajui, kwa sababu ubongo unaziba pengo. Mtu anaona tu kwamba vitu vinamtokea ghafla, kwamba taa hafifu, kwamba anajikwaa. Mama, ulianza lini kuona tofauti?"

"Sijui," akasema mama.

"Mwaka huu? Mwaka jana?"

"Sijui, mwanangu. Sikuandika."

Daktari akanigeukia mimi. "Nyumbani kuna mtu yeyote aliyegundua chochote? Hata kitu kidogo. Ningependa kujua imekwenda kwa kasi gani."

Hapo ndipo nilipotoa simu. Sijui kwa nini sikusema tu hapana. Nadhani nilikuwa tayari nimeshikwa. Nikafungua ukurasa, na kitu cha kwanza kwenye kioo ni jina lake kwa herufi kubwa, Miiba. Nikalifunika kwa kidole gumba, nikaanza kusoma.

Nilisoma kwa tarehe. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa pili: kwenu mtu hana pa kupita bila kujigonga kwenye meza. Daktari akauliza, meza ilikuwa upande gani? Nikamwambia kushoto. Akaandika. Mwezi wa sita: ngazi zimejengwa na mtu anayewachukia wazee. Akaandika. Mwezi wa kumi na moja: taa zenu za kaburini. Daktari akainua kichwa, akasema, "Hii ni dalili ya wazi kabisa," na akaandika tena. Mwaka uliofuata: wajukuu zangu siku hizi wananitokea kama wezi. Kisha picha, mtoto wa pili mmemtupa wapi. Na kila nilipotamka nilisikia ile sauti ya puani niliyokuwa nikisomea kazini.

"Vizuri sana," alisema daktari. "Ni nadra kupata historia yenye tarehe namna hii. Umefanya jambo la maana kuweka kumbukumbu."

Alinisifu. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Nilipofika mwisho akaniambia, "Mbona umezianzia katikati?"

"Mama?"

"Kila moja ilikuwa na mwanzo. Nisomee mwanzo."

"Sina," nikasema. "Mwanzo sikuuweka."

Akasema, "Mimi ninao."

Na akazitaja, moja baada ya nyingine, mikono imetulia mapajani, mbele ya daktari. Ile ya meza: "Kwako nimelala vizuri, hata maumivu ya mgongo umeyajua kabla sijasema, lakini kwenu mtu hana pa kupita bila kujigonga kwenye meza." Ile ya taa: "Wewe una jicho la kuona ugonjwa kwa mtu, mwanangu hana, lakini taa zenu ni za kaburini." Ile ya picha: "Picha nzuri, wewe umetulia kama mtu anayejua kuangalia wagonjwa, lakini mtoto wa pili mmemtupa wapi?" Na ile ya mwisho, niliyoisoma na sinia mkononi: "Najivunia kuwa na mtu wa dawa ndani ya familia, ningekuwa na shida ningekuja kwako kwanza kabla ya mwanangu, lakini watu wa dawa huwauliza hali wageni, nyumbani kwao hawaulizi."

Daktari aliacha kuandika. Mimi nilikuwa nalia, na sikulia kwa adabu, nililia na kamasi.

Kwa sababu sasa nilizisoma nzima. Sifa zile sikuzijua zilivyo. Nilidhani ni kinga, kitu cha kutanguliza ili asiambiwe mbaya. Kumbe pale ndipo alipokuwa akinitajia kwa nini ananiambia mimi. Kila sifa ilikuwa ya jicho langu, ya kazi yangu, ya kujua kwangu maumivu ya mtu. Na kila lawama iliyofuata ilikuwa ya kitu asichokiona. Sifa ilikuwa anwani, lawama ndiyo barua. Mimi nilichana bahasha nikaitupa, kisha nikalalamika kwamba barua haina adabu.

Tukiwa kwenye benchi la nje tunasubiri dawa, nikamuuliza, "Mama, kwa nini hukusema tu, macho yangu yana shida?"

Akacheka kidogo. "Fundi hasemi hivyo."

"Vipi?"

"Mteja anakuja na gauni la mwaka jana, halimwingii. Utamwambia umenenepa? Atahama. Unamwambia, mama umependeza, ila kitambaa hiki kimerudi kwa kufuliwa. Lawama unaiweka kwenye kitambaa. Mwenye akili anakwenda nyumbani anajipima. Miaka arobaini nimesema hivyo, sasa nitaanza leo kusema vingine? Halafu ningesema sioni, mwanangu angefunga cherehani siku hiyohiyo. Nilitaka mtu ajue bila mimi kusema. Nikadhani wewe umejua."

"Na ile ya pua?"

"Ile ilikuwa ya kukuchoma," akasema bila kusita. "Na ya kupika. Nilikuwa na wivu, umenichukulia mtoto. Zile za mwanzo nilikusudia. Lakini sifa, hata za siku zile, hakuna ya uongo. Mimi sisifu kwa ajili ya adabu."

Basi hata keshia hakukosea kote. Miiba ilikuwepo. Ila ya kweli na ya kuomba msaada niliifunga kamba moja, na njia ya kuitenganisha ilikuwa wazi: ile ya kweli ilinigusa mimi, ile nyingine ilinizunguka ikagusa vitu. Na mtu anayekuchukia hakupi sababu kila mara za kwa nini anakuhitaji.

Kabla hatujaondoka nilirudi kwa daktari peke yangu. Nikamuuliza ingekuwaje kama tungekuja miezi minane iliyopita.

"Siwezi kukuambia tofauti ingekuwa kiasi gani," alisema. "Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda mbali. Lakini lingekuwa na kitu. La kulia lingekuwa na zaidi." Akatazama karatasi. "Kilichokwenda hakirudi. Matone ni ya kulinda hiki kilichobaki."

Nilimweleza mume wangu jioni hiyo, sikuficha neno. Nilitaka anigombeze. Alikaa kitandani, akaniambia, "Mimi nilisoma nusu ya kwanza tu, mke wangu. Kila mara. Ningesoma yote ningejua, mimi ni mwanawe." Tukakaa hivyo, kila mtu na nusu yake, hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole.

Mama sasa anakaa nasi. Cherehani yake ameileta, imewekwa dirishani, taa mpya juu yake, na anashona mambo madogo, pindo na vifungo, kwenye lile tundu lake la katikati. Meza zote nimezisogeza ukutani. Ngazi nimezipaka rangi nyeupe ukingoni. Nimemfutia keshia kicheko chake pia, nilimwambia yote, naye akalia kuliko mimi, akasema aliyenishauri kuweka tarehe ndiye aliyemsaidia daktari. Simlaumu kwa kutaka kushika kitu chochote kizuri katika jambo hili.

Matone namwekea mimi, asubuhi kabla ya kazi na jioni nikirudi. Unavuta kope la chini, unadondosha moja, unabana kona ya jicho dakika mbili ili dawa isishuke kooni. Matone haya yana tabia zao. Mengine yanawasha. Mengine yanapunguza mapigo ya moyo, yanabana pumzi, na mgonjwa asiposema huwezi kujua mpaka aanguke. Ninawaambia wateja dirishani kila siku: ukiona lolote, lalamika, usione haya, malalamiko yako ndiyo yanatuongoza.

Mwezi wa pili wa matone nilitoka kazini nikamkuta ameshika ukuta wa korido, midomo imepauka, pumzi fupi. Nikamkalisha, nikampima mapigo kwa vidole, yalikuwa ya chini kupita kiasi. Tukamkimbiza hospitali, wakabadilisha dawa. Kumbe alikuwa hivyo kwa siku kumi na moja kabla ya hapo. Siku zote kumi na moja nilimuuliza asubuhi na jioni, "Mama, dawa inakwendaje?" na siku zote alinijibu, "Nzuri."

"Kwa nini hukuniambia?" nilimfokea pale kitandani, hasira zangu za karibu zilezile, safari hii za woga. "Mama, kwa nini?"

"Ulikuwa unaniwekea vizuri sana," akasema. "Sikutaka kuongeza kitu."

Hakusema kwa kunisuta. Ningependa iwe alinisuta. Nilimfundisha kitu kimoja tu katika maisha yake, naye ni mwanafunzi mzuri, ameshika.

Nimemwomba msamaha, amenisamehe, amesema yameisha. Nimemwomba arudi kama zamani, anichome, aitukane pua yangu mbele ya watu. Anacheka, anasema, "Pua yako nzuri." Watoto nimewatuma wamchokoze. Mume wangu anamuuliza kwa mzunguko, anauliza taa, anauliza ngazi, anauliza kitambaa. Vyote vizuri.

Jana jioni nilimlaza kichwa kwenye mto, nikavuta kope, nikadondosha tone kwenye jicho la kulia, lile lililobaki na tundu. Nikabana kona. Nikamwinamia nikamwambia, "Mama, niambie ukweli. Siku hizi unaonaje?"

Akanitafuta uso mpaka akanipata.

"Una mikono myepesi, mwanangu," akasema.

Nikashikilia kidole changu palepale, sikupumua, nikamngoja aendelee. Dakika mbili zikaisha, nikaendelea kungoja, mpaka akasinzia.